Utamwamkiaje?

Karatasi ya maelekezo ilikuwa na mistari minne, na mstari wa tatu ndio ulionichefua. "Walengwa: watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, miaka kumi na minane hadi sitini na mitano, wake kwa waume, mjini na vijijini." Niliisoma nimesimama, maana kukaa siwezi. Pale kituoni wananiita Kiguu na Njia. Naandika promo, yale matangazo ya sekunde thelathini yanayokuambia kipindi gani kinakuja na kwa nini usibadilishe chaneli, na nusu ya kila promo naiandikia kwenye korido, nikienda na kurudi kati ya mlango wa studio na dirisha la choo.

Kipindi chenyewe kilikuwa kizuri, nasema ukweli. Mwalimu mmoja, ubao mmoja, nusu saa kila siku saa nane mchana, anafundisha watu wazima kusoma. Lakini bosi wa vipindi vya elimu, ambaye sote tunamwita Mwalimu Mkuu kwa jinsi anavyotembea ameshika mikono nyuma, alikuwa ameambiwa na wa juu yake: wanafunzi mia moja wapige simu kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo kipindi kinafungwa na saa nane wanapewa watu wa muziki.

Promo yangu ya kwanza ilirushwa wiki nzima. Ilianza hivi: "Je, hamjui kusoma na kuandika? Msiwe na wasiwasi!" Kulikuwa na ngoma, watu wanacheka, kalamu kubwa inaruka hewani. Wiki ilipoisha, dada wa mapokezi ya simu alinipa hesabu yake. Walipiga watu tisa. Watano walikosea namba, mmoja alitaka kujua mechi ni saa ngapi.

Mwalimu Mkuu hakufoka. Alinitazama tu kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja chumba cha uhariri, kwa Bibi Mkasi.

Bibi Mkasi ndiye mkuu wetu wa promo. Ana miaka thelathini kwenye kazi hii, na jina amelipata kwa sababu hajawahi kupewa sekunde thelathini asizikate ziwe ishirini na tano. Alikuwa anakunywa chai mbele ya skrini. Nikamwamkia, nikamwomba aitazame promo yangu aniambie ina ubaya gani.

Akaitazama mpaka mwisho. Mwisho wenyewe ulikuwa kadi ya maandishi, nyeupe juu ya bluu, imekaa sekunde sita kamili: jina la kipindi, siku, saa, "piga namba hii sasa," na namba.

"Hii kadi," akasema, "anaisoma nani?"

Niliiandika mimi, fundi wa michoro akaipamba, Mwalimu Mkuu akaipitisha, na mtu wa tafsiri akatuma barua kuulizia koma. Watu wanne wenye vyeti tumewaandikia wasiojua kusoma wasome wenyewe.

"Msinichekee," nikasema, ingawa mle ndani tulikuwa wawili tu na yeye hakuwa anacheka.

"Sicheki. Hili si kosa la uzembe, mwanangu. Ulikuwa unaongea na nani ulipoandika?"

"Walengwa."

"Walengwa hawana macho. Ungekuwa unamwona mtu mmoja, amekaa pale, kadi ingekufia mkononi kabla hujaiandika." Akaweka kikombe chini. "Nenda kaniletee mtu mmoja. Asiwe mtu wa kweli, umtunge. Lakini umtunge kutoka kwenye tunachokijua, usimwokote hewani. Halafu kabla hujaandika neno moja la promo, uje unijibu maswali. La kwanza ni hili: ukimkuta mlangoni kwake, utamwamkiaje?"

Nilidhani ananitania. Nikarudi koridoni, nikaanza kwenda na kurudi, na ndipo nilipoona mtego wenyewe. Wa miaka kumi na minane nitamwambia mambo vipi. Wa sitini na mitano nitampa shikamoo. Wa rika langu nitamuuliza habari za kutwa. Salamu moja ya kuwafaa hao wote haipo, kwa hiyo walengwa wangu walikuwa kundi ambalo nisingeweza hata kuliamkia, achilia mbali kuliomba lifanye kitu.

Jioni ile ile nikampelekea bibi kizee wa kijijini, ana mzigo wa kuni kichwani na tabasamu.

"Huyu umemtoa kwenye kalenda," akasema Bibi Mkasi. "Televisheni yake iko wapi, juu ya kuni?"

Asubuhi nikampelekea mwanamume wa miaka arobaini, mwepesi wa maneno, anayependa kutembea, anayechukia kuelekezwa.

"Na huyu ni wewe. Umejivua cheti tu."

Nikakasirika, nikaondoka bila kuaga. Kitu kilichoniudhi ni kwamba alikuwa sahihi mara zote mbili. Nikashuka kwa dada wa mapokezi ya simu, nikamuuliza kuhusu wale watatu ambao kweli walitaka kujifunza. Walisemaje? Akafungua daftari lake. Wote watatu wanaume, wana miaka zaidi ya arobaini. Wote walipiga wakiwa nje ya nyumba, magari yakisikika. Wote walinong'ona. Mmoja alipoulizwa jina alikata simu. Namba wote waliipata kwa mtu: walimwomba awasomee, kwa kisingizio.

"Kisingizio gani?" nikauliza.

"Huyu wa kwanza alisema alimwambia jirani yake hana miwani. Wengine sijui."

Nikapanda ngazi mbili mbili. Sikufika mezani. Nilimtunga koridoni, na alikuja mzima kwa mara moja kama mtu aliyekuwa anasubiri kuitwa. Ana miaka hamsini na nne. Ni fundi pampu za maji, ana karakana yake. Ukimpa karatasi haipokei, anainua viganja na kusema, "Nisomee bwana, mikono ina oili." Namba zote za simu anazo kichwani. Kwenye simu yake hana jina hata moja, ana namba tupu, na anazijua zote. Tarakimu anazijua vizuri, ni herufi ndizo zinazompiga chenga. Mkewe ameishi naye miaka ishirini na tano, na hakuna aliyewahi kulitaja jambo hili ndani ya nyumba.

Nikamsomea Bibi Mkasi. Safari hii hakukata kitu.

"Utamwamkiaje?"

"Shikamoo kaka," nikajibu, na lilitoka kabla sijafikiri.

Akanitazama juu ya miwani. "Hiyo mikono yenye oili umeitoa wapi?"

"Nimeitunga."

"Haya," akasema, lakini kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini.

Nikatoka mle nikiwa roho juu. Mikono ile sikuitunga, na wewe msomaji nitakuambia ingawa yeye sikumwambia. Nina kaka. Ndiye aliyenilea baba alipokufa. Aliachishwa shule kabla hajamaliza darasa la kwanza, kwa sababu baba alimhitaji kwenye pampu, na mimi nilisoma mpaka mwisho kwa jasho lake. Nilikuwa na miaka kumi nilipoleta ripoti ya darasa la nne. Kaka alikuwa amechuchumaa juu ya injini. Akainua viganja. "Nisomee dogo, mikono ina oili." Alama sikuweza kudanganya, tarakimu anazijua. Lakini chini kulikuwa na maoni ya mwalimu wa darasa, na mwalimu alikuwa ameandika kwamba nacheza sana darasani na ni mtoro. Mimi nikasoma: "Mwanafunzi mwenye bidii na adabu. Aendelee hivyo hivyo." Nikasoma kwa sauti, bila kupepesa. Kaka alicheka kwa furaha mpaka akafuta macho kwa kiwiko. Akaikunja ile ripoti akaitia kwenye sanduku lake la nyaraka.

Kwa hiyo nilijua. Tangu nina miaka kumi nilijua, nikaufaidi ule ujuzi, kisha nikauzika. Miaka thelathini na zaidi nimemsomea kaka yangu barua, risiti na maandishi ya kwenye dawa, na sijawahi kumwambia, kaka, kaa hapa nikuonyeshe. Na sasa nalipwa mshahara kuwaambia watu nisiowajua.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaandika promo ya pili kwa dakika kumi. Picha: viganja vyenye oili. Sauti ya mwanamume: "Nisomee bwana, mikono ina oili." Halafu maji, sabuni, viganja vinatakata. "Mikono sasa ni safi. Karatasi ni hii hapa." Bibi Mkasi alipoisoma akasema ni kali, na neno kali kutoka kwake ni kama wengine wakikupa ng'ombe.

Lakini akauliza swali la pili. "Promo ikirushwa, amekaa na nani?"

"Na mkewe. Watoto wako hapo. Ni Jumapili mchana, mechi imefika mapumziko."

"Rimoti anayo nani?"

"Yeye."

"Haya. Sasa hiyo mikono imetokea kwenye skrini, na ile sentensi yake imesemwa. Niambie mkewe anafanya nini."

Nikaiona sebule. Nikamwona shemeji anageuza shingo polepole, anamtazama mumewe. Watoto nao wanamtazama. Yule mtu mzima, baba wa watu, amevuliwa nguo mbele ya familia yake kwa sekunde thelathini, na aliyemvua ni mdogo wake. Kidole kiko kwenye rimoti. Atabadilisha chaneli, na hataturudia tena maisha yake yote.

Nikaichukua karatasi mezani nikaichana vipande vinne. Bibi Mkasi hakunizuia.

"Kumbe unamwona," akasema. "Anaogopa nini?"

"Haogopi kujifunza. Anaogopa kuonekana."

"Basi mwandikie asikie yeye peke yake, sebule ikiwa imejaa."

Siku mbili nilizunguka. Nilizunguka koridoni, nikazunguka uani, nikapewa onyo na mlinzi kwamba namtia kizunguzungu. Niliacha kutafuta anachokosa mtu yule, nikaanza kutafuta alichonacho ambacho wengine hatuna. Na jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo: kichwa. Mtu asiyejua kusoma hubeba kila kitu kichwani. Hakuna aliyewahi kumsifia kwa hilo, kwa sababu kumsifia ni kufichua sababu yake.

Nikaandika hivi:

"Kichwa chako kimebeba mengi. Namba zote, kichwani. Njia zote, kichwani. Nani kaleta nini, na lini, kichwani. Miaka yote hakijakuangusha. Sasa kipe msaidizi. Kila siku saa nane mchana, nusu saa, hapo hapo ulipo. Ukitaka tukupigie, tubip: saba saba, nne nne, mbili mbili. Saba saba, nne nne, mbili mbili. Hatuulizi jina."

Picha ni mkono mmoja unaandika ubaoni taratibu, na chini ya maneno yangu inasikika sauti ya mwalimu: ba, be, bi. Hakuna kadi. Hakuna herufi hata moja inayotakiwa kusomwa. Na namba inasemwa mara mbili kwa mdundo, kwa sababu mtu wangu namba akiisikia mara mbili ameshaiweka.

Mwalimu Mkuu alipoisikia alisimama akashika mikono nyuma. "Neno kusoma liko wapi?"

"Halimo."

"Watajuaje?"

"Asiye na jambo hili hatajua," nikasema. "Atadhani ni kipindi cha watoto. Mwenye nalo atajua ikifika ba."

"Na wanawake? Na vijana? Umeandikia mzee mmoja wa karakana, nchi nzima umeiacha nje."

Hapo Bibi Mkasi akaingilia. "Iangalie tena. Unaona mahali palipoandikwa mwanamume? 'Chako' ni cha nani? Mama muuza duka asiyejua kusoma naye ana kichwa kilichobeba. Ile ya kwanza ilisema hamjui, msiwe. Nani akisikia 'hamjui' anadhani ni yeye? Anadhani ni jirani. Huyu amesema 'chako'. Kila mmoja atadhani tumemfuata yeye nyumbani kwake."

Mwalimu Mkuu akaguna. Akapitisha, lakini kwa uso wa mtu anayetia sahihi hati ya msiba wake.

Jumapili nikajialika kwa kaka. Shemeji alishangaa, maana mimi huja kwa kuitwa. Nikakaa kwenye kochi, nikasimama, nikakaa. "Una nini wewe, umekalia mwiba?" akauliza shemeji. Kaka alikuwa kwenye kiti chake, rimoti juu ya paja. Mechi ikafika mapumziko.

"Kichwa chako kimebeba mengi," ikasema televisheni.

Sikuthubutu kumtazama usoni. Nilitazama mkono wake, na kidole gumba kilikuwa kimelala juu ya kitufe cha kubadilishia chaneli. Ikasema namba zote, kichwani. Ikasema njia zote. Ilipofika ba, be, bi, kile kidole kiliinuka kidogo kutoka kwenye kitufe, kikabaki hewani.

"Ni cha watoto hicho?" akauliza shemeji.

"Sijui," akasema kaka. "Nipe chai."

Shemeji akaenda kuleta chai. Mechi ikarudi. Hakuna aliyegeuza shingo, na hilo nililitaka, lakini pia hakuna kitu kingine chochote kilichotokea. Niliondoka kabla ya filimbi ya mwisho, nikatembea kwa miguu mpaka kwangu, nusu nikimlaani Bibi Mkasi na nusu nikijilaani mwenyewe. Nilijiambia nimekuwa mwerevu mno, nimemficha mtu mpaka yeye mwenyewe hajajiona.

Jumatatu saa tatu asubuhi dada wa simu alikuwa na kurasa mbili. Jumatano alikuwa na saba. Wa kwanza kabisa kubip alikuwa mwanamke, muuza duka, na Bibi Mkasi hakuniacha nisahau hilo kwa mwezi mzima. Kabla ya wiki ya pili kwisha wakapita mia moja, wakapita mia mbili, na watu wa muziki wakaambiwa wasubiri.

Nami nilikuwa nimesimama mbele ya lile daftari. Namba tupu, zimepangwa ukurasa kwa ukurasa, na namba ya kaka yangu naijua. Ningepitisha kidole tu. Nilikwishalifungua Bibi Mkasi alipoweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Tulimwambia hatuulizi," akasema.

"Ni mtu wa kutunga huyo, kwa hiyo si kitu."

"Kama ni wa kutunga, unamtafuta wa nini humu?"

Nikalifunga daftari. Sikulifungua tena, na sitasema halikunigharimu. Wiki nane nilitembea na swali lile, kazini na nyumbani. Kaka akinipigia ananiuliza hali, ananiuliza pampu ya jirani yangu inaendeleaje, basi. Wala hakuniita kumsomea kitu. Nilidhani amepata msomaji mwingine, na ajabu ni kwamba nilimwonea wivu huyo mtu.

Halafu Jumamosi moja asubuhi akapiga. "Njoo karakana. Nina karatasi."

Nilifika nikihema. Kaka alikuwa amesimama kwenye sinki la nje, ananawa kwa sabuni ya unga, anasugua kucha moja moja. Juu ya meza ya kazi, kwenye kitambaa safi, kulikuwa na karatasi ya manjano imekunjwa mara nne. Sikuitazama vizuri. Kwa mazoea ya miaka yote nikanyoosha mkono.

"Shikamoo kaka. Lete nikusomee."

"Marahaba. Niachie," akasema. "Nimenawa."

Akajifuta viganja, akaikunjua. Nikauona muhuri wa shule yangu. Nikatafuta kitu cha kukalia, nikakikalia kweli, debe tupu la grisi. Kaka akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, na kidole kikaanza kutembea.

"A-na-che-za," akasema. "Anacheza. Sa-na. Da-ra-sa-ni." Alivuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi. "Ni m-to-ro."

Nje pampu moja ya majaribio ilikuwa inazunguka. Nilitaka kusimama nitembee, na kwa mara ya kwanza miguu yangu ikakataa.

"Siku ile ulinisomea 'mwanafunzi mwenye bidii na adabu, aendelee hivyo hivyo,'" akasema kaka. Alikuwa nayo yote, neno kwa neno, miaka thelathini na moja. "Adabu nimeshakubali haimo. Lakini hilo neno bidii nimelitafuta tangu alfajiri, mbele na nyuma."

Akanisogezea karatasi, akaniwekea kidole changu mwenyewe juu yake.

"Nionyeshe lilipo."